Wakuu nimepewa ofa ya milioni 1 "grosi", sasa hivi napokea laki 8 mkononi, niruke au nitulie?

Mzaramo Mpole (mwanzisha uzi)
Habari zenu wakuu. Niende moja kwa moja. Nipo Dar, nafanya kazi kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi kama mtunza stoo, mzee ananilipa laki 8 kila mwisho wa mwezi, cash mkononi, hakuna mkataba wala karatasi yoyote, ila hajawahi kunichelewesha hata siku moja miaka mitatu hii. Sasa nilifanya intavyuu kwenye kampuni moja ya usafirishaji mizigo, jana wamenitumia imeili ya ofa, wameandika mshahara ni 1,000,000 kwa mwezi grosi. Mimi nimeona hapo nimeongezewa laki 2 nzima, nimeshaanza hadi kumpigia dalali wa chumba na sebule. Ila shemeji yangu ananiambia niangalie makato kwanza, kanitia mchecheto. Nina digrii, nilisoma kwa mkopo wa bodi. Naombeni ushauri, niandike barua ya kuacha kazi au vipi?

Mkuki wa Kwetu
Ruka mkuu unasubiri nini, milioni ni milioni.

Baba Nuru
Milioni gani hiyo? Grosi sio hela yako mkuu, hiyo ni hela ambayo TRA na NSSF bado hawajapita. Linganisha mkononi na mkononi, usilinganishe kuku mzima na nyama iliyoshachunwa.

Kidagaa 88
Ushauri wangu kaa hapo hapo. Tena hata wakikuongezea usikubali kuvuka milioni, ukigusa milioni na elfu kumi tu unaingia kwenye kundi la asilimia 30, mshahara wote unakatwa 30, unajikuta unapokea kidogo kuliko mwenye laki 9. Kuna jamaa yangu yalimkuta.

Mama Mishahara
Nimevumilia nimeshindwa. Mimi ndio naandaa mishahara ya watu, mwaka wa 9 huu, nina meza yangu ya Ekseli na kikombe cha chai hapa, ngoja niongee taratibu.

Kidagaa hapo umechemka, na huu uongo ndio unaharibu watu wengi. Hakuna mtu anayekatwa 30 kwenye mshahara wote. Viwango vya bara vilivyotumika 2025 viko kama ngazi. 270,000 ya mwanzo haiguswi kabisa. Kuanzia hapo mpaka 520,000 kile kipande tu kinakatwa asilimia 8, kipande kinachofuata mpaka 760,000 ni 20, kinachofuata mpaka milioni 1 ni 25, na kilichozidi milioni ndio 30. Kwahiyo aliyevuka kwa elfu kumi anakatwa 30 ya hiyo elfu kumi, yaani elfu 3, basi. Huyo jamaa yako kilichomkuta ni kitu kingine, labda bodi ya mikopo ilimpata mwezi huo huo.

Halafu kitu ambacho wengi hawajui, kodi haihesabiwi kwenye grosi. Unatoa kwanza mchango wako wa NSSF, kinachobaki ndio kinapelekwa kwenye hizo ngazi. Maana yake ili uguse hata kipande kidogo cha 30 grosi yako inatakiwa ipite 1,111,000 hivi.

Sasa ofa ya mtoa mada:

Grosi 1,000,000
NSSF yako asilimia 10 = 100,000
Inabaki ya kukatwa kodi 900,000
PAYE, ndio kodi yenyewe ya mshahara = 68,000 ya ngazi za chini + 25% ya 140,000 (35,000) = 103,000
Mkononi = 797,000

Umeona hapo? Hiyo milioni yako ni elfu 3 pungufu ya anachokupa mzee wa dukani. Na hapo sijaigusa bodi.

Mzaramo Mpole
Duh. Mbona nimeishiwa nguvu. Ngoja nimpigie dalali asubiri kwanza

Mwl wa Kata
Mama Mishahara samahani lakini mbona mimi nakatwa mfuko asilimia 5 tu? Na posho zangu hazikatwi kodi hata senti, nyumba na madaraka zinaingia kama zilivyo. Mtoa mada waambie wakuwekee posho kubwa na mshahara mdogo hutakatwa kodi, mchezo umeisha.

Mama Mishahara
Mwalimu wewe ni mtumishi wa serikali, uko PSSSF. Kule mwajiri anachangia 15 wewe 5, tena ya mshahara wa msingi. NSSF sekta binafsi jumla ni 20 vile vile ila kawaida mnagawana nusu kwa nusu. Na hizo posho zako hazikatwi kodi kwasababu sheria ya kodi ya mapato imewaachia nyie mnaolipwa na bajeti ya serikali, nyumba, usafiri, madaraka, mazingira magumu. Huku kwa watu binafsi posho ya nyumba na ya usafiri inayoingia kila mwezi kwa cash inajumlishwa kwenye mshahara inakatwa PAYE kama kawaida. Kwahiyo ulichosema ni kweli kwako sio kwake.

Ila umegusa kitu, posho kubwa beziki ndogo inamsaidia mwenye mkopo. Nitarudi.

Mwl wa Kata
Sawa dada, nimejifunza. Ila msisahau na chama, mimi huwa nakatwa 2 ya chama na sijawahi kuona faida yake

Tumbili Mjanja
Mwalimu umeanza, huo ni uzi mwingine

Otieno wa Mombasa
Hapa Kenya pia ni hivyo hivyo bana, payslipu ikitoka unalia. SHA ya bima ya afya 2.75 ya grosi yote na hiyo unalipa wewe pekee yako, mwajiri haweki kitu, nyumba 1.5 hapo angalau naye anaweka 1.5, NSSF, alafu KRA. Afadhali tunarudishiwa 2,400 ya rilifu kwa kodi kila mwezi. Nilikuwa nataka kujua hiyo hesabu ya mama naweza tumia huku?

Mama Mishahara
Hapana kaka, ngazi zenu ni nyingine kabisa. Unachoweza kuchukua ni mpangilio tu, anza na grosi, toa michango, kodi ihesabu kwenye kilichobaki.

Baba Nuru
Turudi kwa mtoa mada. Mkuu ulisema una mkopo wa bodi. Umeshaanza kulipa?

Mzaramo Mpole
Hapana kaka, si nalipwa cash, hawanijui. Deni lilikuwa kama milioni 9 na kitu nilivyocheki mara ya mwisho.

Mama Mishahara
Ndio hapo sasa. Ukiingia kwenye ajira rasmi mwajiri anatakiwa kupeleka jina lako bodi ndani ya siku 28, na wakijibu kwamba unadaiwa inaanza asilimia 15. Sio 15 ya grosi, ni ya mshahara wa msingi, ile beziki. Na haipunguzi kodi, unakatwa baada ya kodi kama vile haipo.

Kwahiyo kama hiyo milioni yote imeandikwa beziki, bodi inachukua 150,000. Toa kwenye 797,000 unabaki na 647,000. Kama wamegawa beziki 700,000 na posho 300,000, bodi inachukua 105,000, unabaki na 692,000. Grosi ni ile ile milioni moja, kodi ile ile, NSSF ile ile, ila mkononi inatofautiana elfu 45 kila mwezi kwasababu tu ya jinsi karatasi ilivyoandikwa. Imeili yao inasemaje kuhusu mgawanyo?

Mzaramo Mpole
Haijasema. Imeandika milioni grosi tu na "masharti mengine kwenye mkataba". Yaani natoka laki 8 naenda laki 6 na arobaini na saba?? Nabaki kwa mzee.

Kidagaa 88
Nilisema mimi kaa hapo hapo. Sababu nilikosea ila jibu nilipata 😂

Binti Mkaguzi
Subirini kwanza jamani msimkimbize mtu. Hapo mnahesabu makato kana kwamba yote yanapotea hewani. PAYE sawa hiyo imeenda. Ila NSSF laki 1 yake inakutana na laki 1 ya mwajiri, kila mwezi 200,000 inaingia kwa jina lake, kwa mwaka ni 2,400,000. Kwa mzee wa dukani anapata sifuri. Na hiyo ya bodi ni deni lake mwenyewe, halijafutwa kwasababu analipwa cash, limelala tu linamsubiri. Akiliondoa sasa hivi ni yeye kapunguza mzigo wake. Kwahiyo ukweli anachopoteza kabisa ni kodi, 103,000. Mimi ningeingia.

Tumbili Mjanja
Binti huyo mtoto anakula NSSF? Kodi ya chumba analipa na taarifa ya michango? Zamani ukiacha kazi unaenda unachukua yako yote unafungua hata genge, siku hizi mpaka uzeeke.

Binti Mkaguzi
Sijasema anakula. Nasema usiiandike kama hasara. Akivunjika mguu kwenye stoo ya mzee nani atamlipa? Huko rasmi kuna mfuko wa fidia ambao mwajiri anauchangia mwenyewe.

Tumbili Mjanja
Mzee wa dukani nae ana utu wake, miaka mitatu hajachelewesha. Hizo kampuni zenye makaratasi ndio zinaongoza kuchelewesha.

Asha Kinyozi
Mimi niwaambie yangu maana Binti anaongea kama vile NSSF inaingia yenyewe. Nilifanya kazi sehemu moja (sitaji) miezi 14, kila mwezi salari slipu inaonyesha nimekatwa NSSF vizuri kabisa, elfu 65. Siku nimeenda ofisi za mfuko na kitambulisho kuangalia salio, yule dada kaangalia kwenye kompyuta kaniuliza "ulianza kazi lini?" nikamwambia, akageuza skrini nione mwenyewe. Miezi mitatu ya kwanza ipo, baada ya hapo patupu. Miezi 11 walikata wakala. Nililia pale pale kwenye kiti. Kwahiyo slipu sio ushahidi kwamba hela imefika, inaonyesha tu kwamba imetoka kwako.

Mama Mishahara
Pole sana Asha, hii ipo na sio kidogo. Dawa yake ni kuangalia taarifa yako ya michango kila baada ya miezi miwili mitatu, unaingia tu kwenye mfumo wa wanachama kwenye simu, usisubiri mpaka uondoke. Ukiona patupu beba slipu zako zote nenda ofisi ya mfuko, wao ndio wana nguvu ya kumdai mwajiri na faini juu. Walikurudishia?

Asha Kinyozi
Walilipa miezi 6, mingine mpaka leo wanasema wanafuatilia.

Mama Mishahara
Usiache kusumbua.

Na nyie wengine kwenye slipu angalieni kitu kimoja zaidi, kuna waajiri wajanja wanamkata mfanyakazi 20 yote ya NSSF, yake na ya kwao. Sheria hairuhusu wakukate zaidi ya nusu. SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, na mchango wa WCF, ule mfuko wa fidia, navyo ni mzigo wa mwajiri, haviruhusiwi kuonekana kwenye upande wako wa makato hata kidogo. Nimeshakutana na slipu ya mtu imeandikwa SDL 3.5% kwenye makato yake, nilicheka nikashika kichwa.

Mtoa mada, mimi sikwambii kaa wala nenda. Nakwambia jibu imeili yao na namba. Ili upate laki 8 ile ile mkononi ukiwa na bodi na kila kitu ni beziki, grosi inatakiwa iwe kama 1,310,000. Nimeipiga: NSSF 131,000, PAYE 181,700, bodi 196,500, unabaki na 800,800.

Baba Nuru
Mama hiyo ni balaa, yaani milioni na laki tatu ndio inakuwa sawa na laki 8 za dukani!

Mama Mishahara
Ndio maana yake. Na ujue kwamba ukishafika huko juu kila laki 1 wanayokuongezea kwenye beziki unaiona elfu 48 tu, elfu 10 imeenda NSSF, elfu 15 bodi, elfu 27 kodi. Asiye na mkopo anaiona elfu 63. Kwahiyo ukisikia HR anasema "tumekuongezea laki moja" usipige vigelegele vya laki.

Mzaramo Mpole
Sasa hapo kwenye kugawa posho, niwaambie waweke beziki ndogo kabisa, hata laki 4, ili bodi wapate kidogo?

Mama Mishahara
Tamaa hiyo. Kwa grosi ya 1,300,000 ukiweka beziki 900,000 na posho 400,000 unapata mkononi 856,000, ukiweka yote beziki unapata 796,000. Elfu 60 tofauti, sikatai. Ila ovataimu inahesabiwa kwa beziki, mara moja na nusu ya saa yako ya kawaida. Kiinua mgongo cha kuachishwa kazi, zile siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, ni beziki. Notisi na likizo wakikulipa ni beziki. Kampuni ya mizigo ina ovataimu nyingi, stoo mnalala huko meli zikija. Ukiwa na beziki ya laki 4 utafanya kazi usiku kwa bei ya maandazi.

Binti Mkaguzi
Halafu deni la bodi litakaa nae mpaka anaoa mjukuu.

Mkuki wa Kwetu
Kumbe mambo mengi hivi, na mimi naenda kutafuta slipu zangu 😅

Kidagaa 88
Si awaambie tu wampe laki 9 neti, makato wayajue wao?

Mama Mishahara
Inawezekana, kampuni nyingine zinakubali, wanapandisha grosi kwa nyuma mpaka neti itoke. Hii kwa mara ya kwanza leo umesema kitu Kidagaa. Ila lazima mkataba uandike grosi yake pia na useme bodi ipo ndani ya hiyo neti au nje. Wakiandika neti laki 9 halafu miezi miwili mbele bodi ikaja, watakukata juu ya laki 9 na watakuwa na haki yao. Mwingine anakupa laki 9 neti lakini NSSF anapeleka taarifa kwamba unalipwa laki 3, zaidi ya nusu ya mshahara wako haijulikani popote. Hapo ndio grosi kwenye karatasi inakusaidia.

Mzaramo Mpole
Wakuu nimerudi, siku 4 zimepita. Niliwajibu kiungwana, nikawaomba mgawanyo na nikaweka namba ya 1,310,000. HR akanipigia, dada mstaarabu sana, akasema bajeti yao haifiki huko ila wamepanda mpaka 1,150,000, beziki 850,000 na posho ya usafiri na nyumba 300,000, na bima ya afya ya mimi na mke na watoto wawili wanalipa wao. Nimejaribu kupiga mwenyewe kwa njia ya mama: NSSF 115,000, inabaki 1,035,000, PAYE 128,000 na 30 ya 35,000 ambayo ni 10,500 jumla 138,500, bodi 15 ya 850,000 ni 127,500. Nabaki na 769,000. Nimekosea wapi?

Mama Mishahara
Hujakosea popote. Njoo tufanye wote kazi 😂

Binti Mkaguzi
Hapo mimi sioni swali. Elfu 31 pungufu ya mzee, ila 230,000 kila mwezi NSSF, deni linashuka 127,500, na bima. Mwaka jana ulilipa shilingi ngapi hospitali?

Mzaramo Mpole
Mtoto wa pili alilazwa, ilikuwa kama laki 6 na nusu. Mzee alinikopesha.

Tumbili Mjanja
Mzee alikukopesha. Sio kampuni. Kumbuka hilo. Na nauli? Dukani unatembea kwa miguu au unapanda?

Mzaramo Mpole
Dukani natembea. Huko ni daladala mbili kwenda mbili kurudi. Hilo nalo sikulipigia hesabu aisee.

Baba Nuru
Omba rasimu ya mkataba kabla hujamwambia mzee chochote. Soma yote.

Mzaramo Mpole
Nimeipata rasimu leo mchana. Kuna kipengele kimenichanganya. Kinasema nitakuwa kwenye matazamio miezi 6 na "posho zitaanza kulipwa baada ya mfanyakazi kuthibitishwa". Hii ni kawaida?

Mama Mishahara
Ipo, ndio maana watu hawaisomi. Maana yake miezi 6 ya kwanza grosi yako ni 850,000 tu. NSSF 85,000, inabaki 765,000, PAYE 69,250, bodi ikishaanza 127,500. Mkononi 568,250.

Tumbili Mjanja
Laki 5 na sitini na nane na nauli juu. Haya Binti, ongea.

Binti Mkaguzi
Hapo sawa, hicho kipengele kitolewe au aongezewe beziki hiyo miezi 6. Ombi sio kosa, bado hajasaini.

Mzaramo Mpole
Nimewaandikia jioni hii watoe hicho kipengele. Tatizo wakuu, mzee wa dukani keshasikia kwa watu kwamba naondoka. Asubuhi kaniita akaniuliza huko wanakupa ngapi. Nikamwambia milioni na laki na nusu. Akashtuka akasema hawezi kufika huko, akanipa mkono wa heri.

Baba Nuru
Mkuu ulimtajia grosi??